Inalipwa Lini?

Mume wangu ana ugonjwa mmoja: anaona aibu kuuliza habari za pesa. Fundi akija kutengeneza bomba, Gaudens haulizi bei mpaka kazi iishe, halafu analipa anachotajiwa na kushukuru juu. Miaka tisa amekaa stoo kwa Burhan, kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Buguruni, akisubiri Burhan akumbuke mwenyewe kumwongezea mshahara. Burhan hajakumbuka.

Sasa mtu huyohuyo ndiye aliyeniambia Ijumaa jioni, tukila, kwamba anaacha kazi akauze viwanja.

"Mshahara shilingi ngapi?" nikamuuliza.

"Hakuna mshahara, Mama Editha. Kamisheni tupu. Asilimia tano ya kila kiwanja, na kiwanja ni milioni nane. Piga hesabu mwenyewe."

Nilipiga. Laki nne kwa kiwanja kimoja, wakati kwa Burhan anapata laki nne na nusu kwa mwezi mzima. Hesabu ilikuwa tamu mno, nikaanza kuogopa.

"Inalipwa lini?"

"Ukishauza."

"Ukishauza, au mteja akishalipa?"

Akatafuna taratibu. "Hilo sikuuliza. Ningeonekana nina njaa."

"Kwani huna?"

Barua ya kuacha kazi alikuwa ameshaiandika, iko kwenye mfuko wa shati. Mpango wake ulikuwa asubuhi asaini mkataba huko Mbezi Luis, mchana ampelekee Burhan barua. Kwa Burhan alikuwa ameomba ruhusa kwamba anakwenda kung'oa jino. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Pugu, na nusu ya mshahara wangu inaliwa na mkopo wa benki. Kodi ya nyumba na ada ya Editha ni vya mshahara wake. Barua ile ikifika kwa Burhan kabla ya mtu kuuliza maswali, tumekwisha.

"Kesho tunakwenda wote," nikamwambia.

"Watu hawaendi kuomba kazi na wake zao!"

"Basi utakuwa wa kwanza."

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, karibu na stendi, kiyoyozi kinanguruma na ukutani picha ya kijana amekumbatia hundi kubwa kama mlango. Meneja alijitambulisha kuwa ni Ansbert. Alikuwa na suti nzuri na tabasamu la mtu asiyepingwa mara nyingi.

"Huyu anaitwa Brightson," akasema akionyesha picha. "Mwezi uliopita kaingiza milioni tatu. Na wewe Gaudens unaweza. Tuanze na wateja wako wa karibu. Utamuuzia nani?"

Mume wangu akajiweka sawa kwenye kiti. "Kuna walimu wenzake na mke wangu. Kuna akina mama wa kikoba chake. Jumuiya yetu ya kanisani. Na mama mkwe ana eneo kauza, ana hela."

Nilihisi masikio yanawaka. Walimu wangu, kikoba changu, mama yangu! Kazi ni yake, wateja wote ni wangu.

"Na hao wakiisha?" nikauliza.

"Mama, watu hawaishi," Ansbert akacheka.

"Wa kwetu wanaisha. Kikoba tuko ishirini. Huyo Brightson usinionyeshe tena, shuleni sipimi darasa kwa mtoto wa kwanza. Nionyeshe wa katikati. Yeye anapata ngapi?"

"Inategemea na juhudi za mtu."

"Januari mlichukua watu wangapi?"

Akazungusha kalamu. "Kama thelathini hivi."

"Leo wako wangapi?"

"Waliobaki ni wale wenye nia ya kweli."

"Wangapi, baba?"

"Wanne."

Gaudens alinikanyaga mguu chini ya meza. Mguu nikautoa, nikaendelea, maana nilikuwa nimechoka na watu wanaojibu swali kwa hotuba.

"Mteja analipaje?"

"Tunawarahisishia. Milioni nane kwa awamu kumi, kila mwezi laki nane."

"Na kamisheni?"

"Inafuata malipo. Mteja akilipa awamu, wewe unalipwa asilimia tano ya ile awamu, mwezi unaofuata."

Haya! Asilimia tano ya laki nane ni elfu arobaini. Laki nne niliyopigiwa debe mezani kwangu ilikuwa imegawanywa vipande kumi, na mteja akikwama njiani, vipande vilivyobaki vinakwama naye. Mume wangu auze viwanja viwili mwezi wa kwanza, jambo ambalo wengi wa wale thelathini naona hawakuliweza, na mwezi wa pili atashika elfu themanini.

"Kabla ya kodi?" nikauliza.

"Kabla ya kodi ya zuio, ndiyo."

"Nauli ya kupeleka wateja kuona viwanja?"

"Wakala anajitegemea."

"NSSF?"

"Mama, huyu si mwajiriwa. Ni mjasiriamali." Tabasamu lilikuwa limebaki upande mmoja. "Na kwa kweli, wewe ndiye ninayekutaka. Kwa mdomo huo ungeuza hata bahari."

Nikamgeukia mume wangu nikitegemea aone, akasirike, anyanyuke. Yeye anatazama mkataba tu, na kalamu ya Ansbert ameshaishika mkononi. Nilitamani kulia kwa hasira. Mtu anaambiwa kila kitu waziwazi, bado anaona aibu kuirudisha kalamu ya watu!

Halafu Gaudens akakohoa.

"Samahani, meneja. Mie nina moja tu. Nikiuza, mteja akawa bado analipa, halafu nikaacha au nyie mkaniacha, zile awamu zilizobaki, kamisheni yake ni ya nani?"

"Ukitoka, inabaki kwa kampuni. Ndiyo utaratibu."

"Kwa hiyo wale ishirini na sita walioondoka..."

"Ndiyo utaratibu," Ansbert akarudia.

Gaudens akaweka kalamu mezani, akaisukuma polepole upande wa mwenyewe. Swali lile mimi sikuwa nalo. Nilikuwa nimejaa maneno toka Pugu, na hilo halikunijia kabisa.

Tukapanda daladala ya kwenda Buguruni. Nilimfuata kwa sababu barua bado ilikuwa mfukoni, na mtu mwenye aibu anaweza kuitoa ili tu isionekane aliiandika bure.

Burhan alikuwa kaunta akipima misumari. "Jino vipi?"

"Limetoka, bosi."

Mkono wa Gaudens ukaingia mfukoni. Ukatoka na leso, akajifuta jasho.

"Bosi, nina ombi. Kuna mafundi wananipigia simu mie, wanakuja hapa kwa ajili yangu. Mshahara wangu ubaki ulivyo. Ila mauzo ya hao mafundi ninaowaleta, naomba asilimia juu yake. Na nilipwe siku mteja anapolipa."

Burhan akanitazama mimi, kama vile nimemleta mtu mwingine badala ya karani wake. Akarudi kwenye misumari.

"Sawa, Gaudens. Nitalifikiria."

Neno hilohilo, miaka tisa! Kila Krismasi linarudi nyumbani kwetu, na kila Krismasi mume wangu ananiambia bosi kasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba mshahara atafikiria, kwa uso wa mtu aliyepewa kitu. Nilikuwa nimeshabeba mkoba wangu, hasira zimenifika hapa.

Gaudens hakuondoka.

"Sawa, bosi," akasema. "Utanijibu lini?"

Burhan akaacha misumari, akageuka kutafuta kalenda ukutani.