Thelathini na Tano ya Bibi Siwema

Mzazi mwenzangu, mimi nimeishia darasa la saba. Fizikia sikuisoma. Naandika haya ili usije ukamfanyia mwanao nilivyomfanyia wangu, tena kwa mapenzi.

Binti yangu Stefania yuko kidato cha tatu hapa Ifakara. Tangu mdogo anataka utabibu, na bila mchepuo wa sayansi huko hafiki. Mwalimu wao wa fizikia, Dionisi, alitangaza kwamba mtihani wa kwanza wa mekaniki ndio utakaochuja. Chini ya arobaini kati ya hamsini, unahamia sanaa. Sehemu B aliwapa mapema: kila mmoja alete safari iliyosimuliwa kwao, yenye hatua kadhaa. Watachora nyumbani kwa kipimo, halafu wataipigia hesabu ndani ya mtihani.

Ijumaa jioni Stefania akaniuliza, "Mama, nichukue safari gani?"

Nikampa ya Bibi Siwema. Huyu ni bibi aliyemzaa bibi yangu. Wakati wa vita vya Maji Maji, askari wa Mjerumani walipochoma maghala ya mpunga, alikimbia usiku na mchana na mwanawe wa kwanza mgongoni. Alikwenda mashariki hadi mtoni, akapanda kaskazini kufuata maji, akakata magharibi kwa sababu ya moshi, mwisho akashuka kusini ndani ya msitu. Akawasha moto apike, maana alijua yuko mbali. Asubuhi askari wakamkuta. Mtoto wakamchukua, hakuonekana tena.

Kwetu tumelelewa tukijua alisalitiwa. Mtu aliyekwenda mbali vile angeonekanaje? Lazima mke mwenzake alisema. Na kizazi cha huyo mke mwenza kipo hapa hapa mtaani kwetu Mlabani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ni Tekla na binti yake Kandida, anayesoma darasa moja na Stefania. Nilimkataza mwanangu hata kuazima kalamu kwao.

Tukakadiria pamoja: kilomita nane, tisa, kumi na mbili, sita.

Jumapili baada ya misa akakaa na rula mezani. Sentimita moja kwa kilomita moja. Akachora mshale wa nane kwenda kulia, ulipoishia akaanza wa tisa kwenda juu, kisha kumi na mbili kushoto, kisha sita chini. Nikasimama nyuma yake nikifurahia mishale ilivyonyooka. Halafu akaunganisha pale alipoanzia na pale alipoishia, akapima.

"Tano," akasema.

"Tano nini?"

"Kilomita tano, Mama. Bibi alikuwa kilomita tano tu kutoka nyumbani."

"Nane na tisa na kumi na mbili na sita ni ngapi?"

"Thelathini na tano. Hayo ni masafa. Masafa ni skala, yana ukubwa tu, unajumlisha kama madebe ya mpunga. Huu ni uhamisho. Ni vekta, ina upande. Aliyekwenda mashariki nane kisha akarudi magharibi kumi na mbili, amebaki na nne za magharibi. Ya kaskazini tisa ukitoa sita za kusini, tatu. Nne na tatu zinakutana kwa pembe mraba, unapata tano. Mchoro na hesabu vinasema jambo moja."

"Kwa hiyo bibi yako alikuwa mjinga."

"Sijasema hivyo."

"Alizunguka akarudi mwenyewe kwa askari, wakauona moto wake, hakuna aliyemsaliti. Ndivyo ulivyoandika. Nani kakufundisha, watoto wa Tekla?"

 Nikaichukua ile karatasi. Nikamwambia achore upya, safari ya mtu aliyefika mbali, na jibu aweke thelathini na tano, mashariki, alikokimbilia. Ya kwanza nikawashia jiko la mkaa. Alitazama ikiungua, akavuta karatasi nyingine.

Jumatatu akafanya mtihani. Jumatano mwalimu akaniita.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema, ingawa ni mdogo kwangu. Hofu ilinipotezea adabu ya umri.

"Marahaba mama, aa, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo. Kaa." Akafungua karatasi. "Thelathini. Sasa angalia. Sehemu A kapata zote. Joto skala, muda skala, nguvu vekta, kasi yenye upande vekta. Sehemu B, sifuri. Anajumlisha vekta kama madebe. Mtu anayejua hivi hawezi kukosea hivi. Nimemuuliza, analia tu."

Nikamweleza. Akaikunja ile karatasi.

"Kama mchoro wa kwanza upo, kwa mkono wake, niletee. Nitausahihisha. Lakini orodha ya mchepuo inatoka Ijumaa saa sita mchana."

 Nyumbani nikamuuliza Stefania kama ana nakala popote.

"Kandida anayo," akasema, macho chini. "Jumamosi tulisomea shuleni. Nilimfundisha kwa safari ya bibi. Niliandika kwenye daftari lake, mchoro na hesabu."

Nyumba ya tatu. Natoka mlangoni, naona paa lake. Mzazi mwenzangu, sikwenda.  Ningesema nini? Kwamba tumewaita wasaliti zaidi ya miaka mia, na sasa naomba daftari? Hata Stefania nilimkataza kulifuata.

Alhamisi alfajiri nikapanda basi hadi Mang'ula kwa binamu yangu anayemjua mjumbe wa bodi ya shule. Mjumbe alikuwa msibani. Nilikaa kizingitini kwake mpaka jua linashuka, nikarudi. Ijumaa asubuhi nikaenda Mchombe kwa kaka yangu Viktor, nikidhani ataandika barua. Viktor akanisikiliza, akacheka kwa uchungu.

"Dada, barua ya nini? Mwalimu kakuomba daftari."

Basi la kurudi likaharibika njiani. Nilishuka Ifakara saa nane mchana, nikaenda kwa Tekla na vumbi langu.

"Karibu, Mama Stefania," alisema bila kuinuka. "Miaka kumi na sita tumekaa mtaa mmoja. Leo ndio umeuona mlango."

"Tekla, naomba unisamehe. Nimekuja kwa—"

Akanyoosha mkono nyuma ya redio, akatoa daftari lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Liko hapa tangu Jumatano. Kandida aliniambia."

"Kwa nini hukuniletea?"

"Ningeleta, ungelipokea?"

 Nikalipokea, nikakimbia nalo shuleni.

Mwalimu Dionisi alilisoma akiwa amesimama. Mishale minne, na pembeni kwa mwandiko wa mwanangu: magharibi 4, kaskazini 3, uhamisho 5, nyuzi 37 kaskazini ya magharibi. Chini yake alikuwa ameandika: *hakuna aliyemsaliti bibi*.

"Sahihi kabisa," alisema. "Hapa ningempa alama zote ishirini." Akafunga daftari. "Orodha imekwenda saa sita, mama. Darasa la sayansi limejaa. Nafasi moja nilimshikilia mpaka saa saba."

Stefania alikuwa nyumbani, ameshatoa daftari la historia akaliweka mezani. Hakuniuliza imekuwaje, aliona uso.

"Ulikuwa wapi siku mbili, Mama?"

"Mang'ula na kurudi. Mchombe na kurudi."

Akapiga hesabu kichwani, midomo ikitikisika kidogo, kama alivyozoea.

"Na mwisho ukafika wapi?"

Nilitazama nje. Moshi wa jiko la Tekla ulikuwa unapanda juu ya paa la nyumba ya tatu.