Blanketi Moja, Sweta Mbili

Boksi lilifika zima, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Mama Kibonge. Lingefika limechanika kona, limelowa, limekanyagwa, angejua pa kuelekeza hasira. Lakini lilikuwa zima kama yai. Utepe wa gundi ulikuwa umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake, pale utepe unapokutana na karatasi, kulikuwa na saini ya mama yake kwa kalamu ya wino wa bluu, nusu kwenye utepe na nusu kwenye boksi. Hiyo ilikuwa desturi ya mama yake. Alikuwa mtunza stoo ya hospitali kwa miaka thelathini na moja, na mtaa mzima ulimwita Bibi Stoo. Hakuwahi kufunga kitu bila kukitia saini.

Basi Mama Kibonge alitia saini yake posta, akalibeba boksi mkono mmoja na mtoto mgongoni, akarudi chumbani.

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, ndoo mbili na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Walihamia hapo wawili, yeye na mumewe, kwa sababu ya kazi ya mume ya kujenga barabara. Barabara ikasonga mbele, mume naye akasonga nayo. Mwanzoni alipiga simu kila siku, kisha kila Jumapili, kisha akawa anatuma ujumbe wa neno moja: "Mzima?" Mtoto alizaliwa katikati ya Jumapili mbili. Zikapita siku ambazo Mama Kibonge hakusikia sauti ya mtu mzima ila ya muuza maji, naye huyo alisema "Ndoo ngapi?" tu, akaondoka.

Kwa hiyo boksi hili halikuwa boksi tu. Miezi yote ya mimba, mama yake alikuwa akifuma blanketi na kumpa habari zake kwenye simu kama mtu anayesimulia safari. "Leo nimefika katikati, mwanangu." "Leo nimekosea mstari nikafumua, nikajitukana." Kulikuwa na usiku ambao Mama Kibonge aliusukuma mpaka ukaisha kwa kuliwaza blanketi hilo.

Alikata utepe kwa kisu. Juu kabisa palikuwa na orodha, mwandiko wa Bibi Stoo, herufi zimesimama wima kama askari: *Blanketi la sufu, 1. Sweta za mtoto, 2. Sabuni za mtoto, 4. Viatu vya mtoto, jozi 1.*

Sabuni zilikuwapo, nne. Viatu vilikuwapo. Katikati kulikuwa na furushi la shuka kuukuu jeupe lenye ukingo wa bluu, limefungwa kwa utepe wa kitambaa. Alilijua shuka hilo. Lilikuwa la kwao, na pembeni limeshonwa namba, maana mama yake alishona namba hata kwenye vitambaa vya kufutia vyombo. Alifungua furushi. Ndani ya shuka mlikuwa na shuka jingine. Alilikunjua lote, akalikung'uta. Hapakuwa na kitu.

"Wamelichomoa," alimwambia mtoto. "Kibonge, wamekuibia."

Kibonge alikuwa akitafuna kidole chake kwa bidii, wala hakuwa na maoni.

*

Kesho yake asubuhi alikuwa wa tatu kwenye foleni ya dirisha la vifurushi. Boksi alilibeba na kila kitu chake: utepe alioukata, karatasi ya juu, mashuka, orodha. Mama yake alikuwa amemfundisha tangu utoto kwamba ganda la kitu ni sehemu ya kitu.

Mama wa dirishani alikuwa mnene, miwani yake imening'inia kwa uzi shingoni, na sauti ya mtu aliyekwisha kusikia yote.

"Nimeibiwa humu ndani," Mama Kibonge alianza, wala hakushusha sauti. "Nje mmefunga vizuri, ndani mmenikomba."

"Huyo dada ana haki yake," alidakia mwanamume mmoja nyuma. "Mimi mwaka juzi kilinifikia kiatu kimoja."

"Labda ulitumiwa kimoja," mama wa dirishani alimjibu bila kumtazama. Foleni ikacheka. Kisha akamgeukia Mama Kibonge. "Shusha pumzi, mama. Ulifungua hapa au kwako?"

"Kwangu. Lilikuwa zima, ningefungua hapa kwa nini?"

"Hapo ndipo wengi mnapojikwaa. Kifurushi hata kikiwa kizima nje, ukikitilia shaka huweki saini kwanza. Unaomba kipimwe mbele yako, kifunguliwe mbele yako. Kikipungua, tunaandika taarifa ya upungufu hapo hapo na kuisaini wote wawili. Ukishaandika umepokea salama ukaenda nacho nyumbani, mzigo wa kuthibitisha unauhamishia kichwani kwako."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Nimesema ndiyo basi? Umerudi kesho yake, na boksi lako, na utepe wako. Wengine huniletea machozi peke yake, boksi wameshawashia moto." Alivuta fomu kutoka kwenye droo. "Andika kilichopungua na thamani yake. Kama kuna risiti, zitakuja na madai. Mtumaji atakwenda posta ya kwao na stakabadhi aliyopewa siku ya kutuma. Asichelewe, miezi sita ikipita tangu siku hiyo mlango umefungwa. Na fidia ikitoka ni ya mtumaji, kwa sababu ndiye aliyelipia usafirishaji. Akitaka upewe wewe, aandike kwamba amekuachia."

"Mimi sitaki fidia. Nataka blanketi langu."

Mama wa dirishani alimtazama kidogo. "Fomu haina nafasi ya hilo, mama."

Mama Kibonge akaandika, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikapata mashimo: *Blanketi la sufu, 1. Sweta za mtoto, 2.*

"Sasa rudisha kila kitu ndani, na karatasi na utepe. Usisahau hata kipande."

Boksi likapandishwa kwenye mizani. Mama wa dirishani alivaa miwani, akasoma lebo iliyobandikwa siku ya kutuma: kilo mbili na gramu mia tatu arobaini. Akasoma mizani. Akalishusha boksi, akaiacha mizani irudi sifuri, akalipandisha tena. Kisha akaigeuza ile sahani ya namba ili Mama Kibonge asome mwenyewe.

Kilo mbili na gramu mia tatu arobaini.

"Mizani yenu mbovu," alisema Mama Kibonge.

Mama wa dirishani hakukasirika. Alitoa chini ya meza jiwe la kilo moja, akaliweka. Mizani ikasema kilo moja, wala haikutia chumvi.

"Blanketi la sufu na sweta mbili, hiyo ni kilo nzima na zaidi," alisema, sasa kwa sauti ya chini, sauti isiyokuwa ya foleni. "Zingetolewa njiani, boksi lingefika jepesi."

"Si wameweka mashuka ili uzito usipungue?"

"Mashuka ya nani haya?"

"Ya kwetu," alisema Mama Kibonge. Namba ya mama yake ilikuwa pale pembeni, imeshonwa kwa uzi wa bluu.

"Mwizi hawezi kuja na shuka la kwenu," alisema yule mama. "Na hii saini juu ya utepe, hebu tazama. Mistari imekutana. Hakuna aliyegusa." Akamsogezea kiti cha plastiki kilichokuwa ukutani. "Kaa pale umpigie mtumaji. Fomu nitaishika, sijaigonga muhuri."

Mama Kibonge alikaa. Alikuwa amekuja na hasira tele, na sasa hakuwa na pa kuitua. Alitamani ghafla awe ameibiwa kweli.

*

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Blanketi limemtosha?"

"Mama, halikuwamo."

"Halikuwamo vipi? Si nimeandika?"

"Umeandika, mama. Ndani kuna mashuka."

"Basi wameiba! Mimi? Miaka thelathini na moja, hata foronya moja haikupotelea mikononi mwangu! Kitu kimeandikwa, kimeingia. Waambie waangalie vizuri huko, waache kujitia hamnazo!"

"Mama." Mtoto alikuwa akimvuta nywele, naye alimwacha avute. "Hebu nenda kwenye kabati la mashuka. Mimi nakusubiri."

Alisikia kandambili zikiburuta sakafuni. Aliijua kila hatua: mlango wa chumba, mkeka, kona ambayo mama yake hujigonga kiuno kila siku na kuilaumu kona. Akasikia kabati likilia. Halafu akasikia vitambaa vikipanguliwa.

"Lipo," alisema mama yake.

Mama Kibonge aliibana simu sikioni.

"Lipo hapa. Nimelifunga kwa utepe, na sweta ziko ndani yake. Nimefunga vizuri kabisa." Sauti ilikuwa imepungua, kama ya mtu anayeongea na kabati. "Niliandika orodha kwanza, kama kazini. Halafu nikaja kuchukua. Nililishika kwa mikono yangu, mwanangu. Nakumbuka nimelishika."

"Ni furushi tu, mama. Yanafanana."

"Usinibembeleze kama mgonjwa." Kisha: "Mwezi uliopita nilibandika maji, sufuria ikaungua mpaka chini. Na funguo nimezikuta ndani ya unga."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, na wewe uko peke yako huko na kichanga? Humu ndani nikisema neno, linagonga ukuta linarudi kama lilivyokwenda. Nikazoea kunyamaza."

Mama Kibonge alitazama foleni. Yule wa kiatu kimoja aliinamisha macho haraka, akajifanya anasoma tangazo la stempu. Alifikiria dirisha lake linalotazama ukuta wa jirani, na kabati la mama yake, na miezi yote ambayo kila mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwenye simu: mimi mzima, wewe je?

"Nitalituma kesho," mama yake alisema. "Nitahakiki mara mbili."

"Usilitume."

"Mtoto atapata baridi."

"Nitakuja kulichukua mwenyewe. Na Kibonge. Tutakaa mpaka utuchoke."

"Na chumba chako? Na mwenzio?"

"Barabara yake inakwenda kule kule kwenu, mama. Akitaka, atatukuta."

Alisimama, simu sikioni, akarudi dirishani. Mama wa dirishani alikuwa ameshatoa kifutio cheupe cha wino. "Nikufutie tu, au tuichane?"

"Mama, tumeandika fomu ya madai huku," alisema kwenye simu. "Wanauliza kama waichane."

Bibi Stoo akarudi kazini papo hapo. "Wasithubutu! Karatasi ya stoo haichanwi wala haifutwi. Unapiga mstari mmoja, ili cha chini kisomeke, unatia saini pembeni. Andika: mtumaji amekosea. Mtu asije akamsingizia mfanyakazi wa watu."

Mama wa dirishani, aliyesikia kila neno, alirudisha kifutio kwenye droo. "Huyo ningefanya naye kazi," alisema, akampa kalamu.

Mama Kibonge akapiga mstari mmoja, akatia saini, akaandika maneno kama yalivyosemwa.

"Tayari, mama."

"Ngoja. Usikate. Niandike nami, nisije nikasahau mnakuja." Kalamu ilikwaruza karatasi, taratibu, herufi zikisimama moja moja. "Binti, mmoja. Mjukuu, mmoja."

"Bandika mlangoni mwa kabati."

"Naibandika mlango wa mbele," alisema Bibi Stoo. "Nitawahakiki mkifika."