Ubao Usio na Chembe

Jérôme alitaka jina moja lifutwe, na alilitaja kama mtu anayetaja chunusi kwenye shavu. Picha ilimwonyesha baba yake, marehemu Bahati, amesimama Uvira mbele ya kibanda cha kushonea nguo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Juu ya mlango kulikuwa na ubao: KADIRI NA BAHATI, MAFUNDI CHEREHANI.

"Weka tu BAHATI, FUNDI CHEREHANI," alimwambia Ushindi. "Donc, muntu akiangalia asijue kulikuwa jina ingine. Ile Kadiri alimukimbia papa wakati ya vita, akamuacha peke yake."

Ushindi alikuwa fundi wa picha katika studio moja ya Matonge, mtaa wa Waafrika huko Ulaya, hatua chache kutoka metro ya Porte de Namur. Kazi yake ilikuwa kuwarudishia watu meno, kuwapunguzia matumbo, na kuwaingiza katika picha za arusi mababu waliokufa kabla ya bwana arusi kuzaliwa. Hakuwa na desturi ya kuuliza maswali. Hata hivyo alijua kwamba wakati wa vita Jérôme alikuwa na miaka minne, na katika umri huo mtu haoni nani amemkimbia nani. Habari hiyo alipewa na watu, kama wengi wetu tulivyopewa za kwetu. Picha ingekuzwa hadi mita moja na nusu, itundikwe ukumbini Jumamosi, siku ya kumaliza matanga.

Alianza kwa kufunika herufi za zamani kwa vipande vya ubao wenyewe, akivichukua hapa na pale ili doa moja lisijirudie mara mbili. Kisha akaandika maneno mapya kwa herufi zilizofanana na zile za brashi, akayalaza kufuata mwinamo wa ubao. Weusi wa herufi hizo ulikuwa mkali mno. Katika picha ile ya zamani hata kivuli cha mlangoni kilikuwa kimechujuka, kikaingia ukahawia. Akaufifisha mpaka ukalingana na kivuli hicho. Kingo za herufi nazo zilikuwa kama zimekatwa kwa wembe, akazitia ukungu kidogo, kwa kuwa kamera ile haikuwahi kuona kitu kwa ukali wa namna hiyo. Halafu akamtumia Jérôme nakala kwa WhatsApp.

Jibu la kumruhusu achape lilikuja papo hapo. "Parfait! Imprimer hii hii. Usiguse tena kitu."

Bila shaka ilikuwa parfait, safi kabisa. Kwenye simu, picha imebanwa na kupunguzwa hadi kutosha kiganjani, kila kitu ni laini, na uongo wowote unapita. Lakini ukiikuza, chembe za filamu, zile nukta ndogo za picha za zamani, zinajitokeza ukutani, angani, kwenye shati la Bahati. Ubao peke yake ungebaki laini kama sahani ya plastiki. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Ila mwongo aliyepata fundi mzuri hufika mbali, na Ushindi alikuwa fundi mzuri na alijijua.

Basi akagusa. Alifungua tabaka jipya juu ya ubao, mahali pa kuweka chembe peke yake. Akaukaribia ukuta wa kando ya mlango mpaka ukajaa skrini nzima, akazitazama chembe zake. Hazikuwa nukta moja moja kama mchanga, jinsi kompyuta inavyozinyunyiza ukiiachia. Zilikuwa vifungu vidogo, kila kimoja kimekamata nukta tatu au nne, vyenye rangi kidogo, vikijitokeza zaidi mahali pa kijivu na kufifia penye giza zito na penye mwanga mkali. Akanyunyiza, akalainisha mpaka ukubwa ukalingana, akapunguza kwenye herufi nyeusi. Haya yote aliyafanya juu ya ule ukungu, maana ukungu ukija baadaye ungezifuta chembe zote. Mwisho, kwa kujaribu tu, akaivuta tofauti ya weusi na weupe mpaka picha ikawa ya kutisha. Kiraka kibaya hujitokeza hapo. Hakikujitokeza kitu, naye akajipongeza kwa sauti.

Kesho yake aliingia mzee mwenye kofia nyeupe ya kufuma. Alisalimia, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Naitwa Kadiri. Mama Claudine, mjane wa Bahati, ameniambia picha ya duka letu iko hapa. Mimi sina hata moja. Naomba kuitazama tu, binti yangu."

Picha iliyokamilika ilikuwa wazi kwenye skrini. Ushindi angeweza kuifunga. Hakuifunga, na sababu si nzuri: alitaka kuona kama mzee atagundua.

Kadiri alitabasamu alipomwona Bahati. Kisha akausoma ubao, akausoma tena.

"Jina langu liko wapi?"

Ushindi alijitia kupangusa kibodi.

"Ubao huu niliupaka mimi. Ile K ilinishinda, nikairudia." Alisogea mpaka pumzi yake ikaacha mvuke kwenye skrini. "Hebu ikuze."

Akaikuza. Mzee alipita na macho polepole, kutoka ukutani hadi kwenye ubao, kutoka ubaoni hadi ukutani.

"Hapana. Hapa hakukufutwa kitu. Mimi nimeshona miaka arubaini, kiraka hata kikishonwa vipi nakiona." Alivua miwani. "Mtoto wangu Inès anasema nimeanza kusahau. Kweli, jiko nililiacha linawaka. Sasa ananitafutia nyumba ya wazee. Mimi humwambia, ya jana yanipite, lakini ya zamani ninayo yote." Akautazama ubao kwa mara ya mwisho. "Kumbe na ya zamani yameondoka."

Alishukuru kwa adabu, akatoka.

Ushindi aliona aibu. Picha ilikuwa ya mteja, na siri ilikuwa ya mteja. Halafu akachukua simu, akausoma tena ujumbe wa Jérôme: Imprimer hii hii. Usiguse tena kitu. Mteja ni mfalme. Akalizima lile tabaka la chembe, ubao ukarudi laini kama alivyouona Jérôme, akachapa.

Jumamosi aliitundika mwenyewe. Ukiwa mlangoni, picha ilipendeza. Mama Claudine alipoikaribia, akasimama.

"Jérôme, mwanangu, hii ubao iko na nini? Pahali pote ni photo ya zamani, hapa inangaa kama plastique. Ulitosha nini, ulifuta nini?"

Jérôme alimgeukia Ushindi kwa macho mabaya. Ushindi akamwonyesha simu. "Uliniambia nisiguse tena kitu. Sikugusa."

Kadiri alikuwa amekaa nyuma, Inès kando yake. Aliposikia neno ubao aliinuka, binti akamshika mkono, watu wakawapisha. Mzee alivaa miwani. Akapitisha kidole hewani mbele ya ubao, toka pembe hadi pembe, kama anafuata mshono.

"Kiraka," alisema.

"Hapo kulikuwa nini, papa?" Inès aliuliza.

"Jina langu."

"Ee, jina yake," alisema mama Claudine. "Kadiri na Bahati. Ile K ya mbele ilikuwa munene kuliko zote, juu ya vile aliipaka mara mbili. Bahati alikuwa anamuchekaka kila siku." Kisha akamtazama mwanawe, na Jérôme akapata jambo la haraka la kufanya upande wa viti.

Kadiri hakumtazama Jérôme kabisa. Alimgeukia binti yake, akamkamata mkono kwa mikono yake miwili.

"Umesikia, Inès? Mara mbili. Sikusahau."