Samahani Isiyofichwa

Kila asubuhi Mpole alifuta kioo cha kompyuta, akaweka chai mbali na waya, ndipo akafungua jukwaa la mtandaoni alikopatia kazi. Asubuhi hiyo chai ilipoa bila kuguswa. Malipo ya filamu aliyoiandikia maandishi ya chini yalikuwa yamezuiwa. Mteja alikuwa amefungua shauri: "Maandishi hayaendani na sauti. Nirudishiwe fedha zangu zote."

Kaka yake, muuza vipuri, alisomea nyuma ya bega lake. "Si nilisema? Kazi ya kukimbiza upepo! Njoo ukae dukani, Mpole. Kule anayekudhulumu unamwona sura."

"Nitaona, kaka," akajibu, kama siku zote.

Kaka alipotoka, wifi yake, aliyekuwa akifasiri mikataba kwenye jukwaa hilohilo, akavuta kiti. "Ukishindwa hili utakwenda dukani kweli?"

Mpole aliitikia kwa kichwa, macho sakafuni.

"Basi nionyeshe ushahidi wako."

Mpole alikuwa ameshapiga picha za mazungumzo, ila ujumbe mmoja aliuacha: "Samahani sana, nitarekebisha." Alikuwa ameuandika yeye mwenyewe, mteja alipoanza kulalamika.

"Na huu?"

"Wifi, si ni kukiri kosa?"

"Msuluhishi wa jukwaa anayasoma mazungumzo yote humohumo. Ukificha mmoja, atakushuku kwa yote. Uweke. Kabla ya samahani kulikuwa na nini?"

Wakarudi nyuma pamoja. Faili la maandishi lilipakiwa jukwaani kabla ya siku ya mwisho. Mteja akajibu, "Nimeangalia, safi kabisa." Kisha, juma lililofuata, mteja huyohuyo: "Tumekata utangulizi. Video mpya hii hapa."

Kumbe! Wakajaribu faili lilelile kwenye video ya kwanza: likakaa kama pete na kidole. Kwenye video mpya, kila mstari ulichelewa kwa urefu wa utangulizi uliokatwa.

Mpole akaandika maelezo, akaanza na "Naomba radhi kwa usumbufu." Wifi akaangua kicheko. "Umekanyagwa, halafu unaomba radhi kwa kuwa na mguu?" Lakini hakumruhusu kumtukana mteja hata kwa neno moja. Tukio, tarehe, picha. Tukio, tarehe, picha. Mpole alimtazama akipanga, akawaza kwamba utulivu nao ni ufundi.

Mteja alipopewa nafasi ya kujibu, alidai video mpya ilikuwa ndani ya makubaliano. Msuluhishi akarejea maelezo ya kazi: video moja tu, ile ya kwanza. Malipo yote yakaachiliwa.

Kaka aliporudi kula, akapiga mluzi. "Haya, bahati hiyo! Lakini duka bado linakungoja."

Mpole alimgeukia wifi yake. Wifi aliendelea kupakua chakula bila kuinua macho, kwa makusudi kabisa.

"Kaka," Mpole akasema, "siji dukani. Sikutaka kuja tangu siku ya kwanza, niliogopa tu kukwambia. Kazi yangu ni hii, na ninaijua."