Neno Moja Kwenye Kunjo

Manase hakusalimia. Alituma picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na chini yake: "Kagua hii."

Koleta, mwalimu wa Kiswahili pale Same mjini, aliikuza kwa vidole akacheka puani. Walisoma chuo kimoja. Manase alikuwa akinakili kazi za wenzake. Leo ndiye afisa elimu wa kata moja kule milimani, na hii ilikuwa insha ya mfano kwa shule zake zote: simu na wanafunzi.

Alijibu kwa mafungu, kama anavyowasahihishia wanafunzi.

"Sarufi: 'endapo kama' chagua moja. 'Masimu' ni simu. Hayo yanarekebishika. Hoja ndiyo mbovu. Mtoto mmoja wa kijiji cha Ndungu amefeli baada ya kununuliwa simu, basi simu zote ni sumu? Halafu aya ya tatu unawasifu walimu wanaotuma mazoezi kwa simu. Unajipinga. La mwisho, neno moja sijalisoma. Karatasi imekunjwa na kivuli cha mkono wako kimeangukia hapo. 'Wazazi wa-', kisha giza, kisha '-me kwanza'. Sijalihesabu kuwa kosa, wala silikisii. Piga picha nyingine mchana."

"Nilitaka sarufi tu," akajibu Manase. "Hilo moja si unajua nilichomaanisha? Jaza."

"Sijui. Ni wasome, wapime, au wakome?"

Manase akaituma picha ileile kwa Rodgers, karani kijana wa ofisini kwake asiyebishana na wakubwa. Rodgers aliandika "Safi sana, mkuu," akaichapa, na penye kivuli akaweka neno lililomjia. Manase akatia saini bila kusoma. Na asome ya nini, wakati ni yake?

Kwenye kikao cha wazazi, Mama Asteria, mwenyekiti wa kamati ya shule, alipewa heshima ya kuisoma kwa sauti. Alifika katikati, akaiweka miwani yake sawa.

"'Wazazi wakome kwanza, ndipo watoto watafuata.' Afisa, tukome nini?"

Watu walinyanyuka. Wengine walikuwa wameacha mashamba yao tangu asubuhi kuja kuambiwa wakome. Manase alipaza sauti kwamba ni "wasome", lakini saini yake ilikuwa pale chini, na hakuna aliyemsikiliza.

Jioni akampigia Koleta. "Mwalimu, umeniacha niaibike!"

"Nilikuuliza, Manase. Hata neno lenyewe nilikutajia."

"Basi niandikie barua ya kuwaomba radhi. Wewe una lugha."

Koleta alimsikiliza akihema kwenye simu. Aliitafuta huruma moyoni mwake, hakuipata hata chembe.

"Nenda ukawaombe kwa mdomo," alisema. "Huko hakuna wa kukuchapia."

Akakata, akavuta madaftari ya kidato cha pili.