Ijumaa Isiyo na Promo

Wateja wangu niliwaharibu mimi mwenyewe. Mwaka mzima, kila ijumaa, niliweka kwenye status yangu ya WhatsApp: "Promo! Kitenge dola kumi na tano badala ya ishirini!" Ikafika mahali mtu akiuliza bei jumatatu, nikimwambia ishirini, ananijibu: "Merci, nangojea vendredi." Jumatatu hadi alhamisi, katika kibanda changu soko kuu la Bunia, tulibaki mimi na nzi.

Mwanzoni mwa Februari, usalama uliporudi kidogo kwenye barabara ya Mahagi, njia ya mali yetu, Bernadette anayenipa mali alileta vitenge vipya vya sikukuu ya wanawake, Machi nane.

"Émilienne, hii usikate bei. Ukikata, mwaka kesho napatia mwingine."

Nusu ya riziki yangu ni sikukuu hiyo. Niliogopa, nasema kweli.

Ijumaa ikafika, sikuweka promo. Rébecca, kiongozi wa kwaya inayonunua kwangu kila Machi, akapiga simu. "Mama Émilienne, promo iko wapi?"

"Haiko, mama présidente. Ya Machi ni vingt dollars, ishirini kamili, mpaka siku ya fête. Lakini mwenye kununua mbele ya tarehe vingt ya mwezi huu, naongezea kitambaa ya kichwa bure."

"Weye! Siye tutangojea tu."

Wakangoja. Kwa siku kumi waliolipa bei kamili walikuwa tisa tu. Siku moja niliandika promo nzima, kidole kikiwa juu ya kitufe. Nikaifuta, nikajitukana.

Jumanne iliyofuata nikatoa vitenge tisa vilivyobaki vya mwaka jana. Sikuweka kwenye status. Niliwaandikia wale tisa peke yao: "Asante kwa kununua. Vya mwaka jana, dola kumi na mbili, kimoja kimoja, leo saa nane mpaka saa kumi." Dakika arobaini, vyote vimekwisha! Ndipo nikaweka picha kwenye status: "Imeisha."

Mungu wangu, simu! "Mbona siye hatukujua?" "Ingine iko lini?" Nikajibu kweli tupu: sijui.

Rébecca alikuja mwenyewe, anahema. "Nipatie ile ya douze."

"Imeisha, mama."

"Na vendredi?"

"Promo ya vendredi haiko tena."

Akatupia macho kibanda cha pili. Nikaona kwaya nzima ikienda kwa jirani yangu. Lakini bei sikuigusa.

"Annette wa kwaya yangu alilipa vingt juma iliyopita," akasema. "Ungenipatia quinze ya promo leo, ningemwambia nini?" Akafungua mkoba. "Trente pièces za Machi. Na bitambaa bya kichwa, tarehe vingt haiyafika."

Nilipiga vigelegele mpaka soko likageuka. Halafu nikamkatia vitambaa thelathini, bure, kwa furaha kabisa.