Wasifu wa Mpishi wa Mabalozi

Mimi sijisifu, bwana. Ni mpishi wa shughuli hapa Bagamoyo, na moshi wa kuni umeniharibia macho. Kwa hiyo niliposikia nyumba mpya ya wageni njia ya Kaole inatafuta mpishi wa kudumu, nikasema hii kazi ni yangu. Mwenye nyumba, binti mmoja wa bara aitwaye Hope, alitaka wasifu mfupi wa kuweka kwenye tovuti yake.

Nikaketi na Samia, mtoto wa kaka yangu, nikamtajia aandike: “Mwanamkasi, mpishi wa mabalozi, mawaziri na Hoteli ya Bahari Kuu, aliyewahi pia kuhudumia benki kubwa tatu.” Tukatuma kwa simu. Nikalala kama bibi harusi.

Kesho yake Hope akapiga. “Mama, shikamoo. Tumeusoma. Sisi vyumba vyetu sita tu, tutakuwekaje mtu mkubwa hivyo? Acha tutafute wa kiwango chetu.”

Loo! Nikamgeukia Samia kana kwamba kosa ni lake.

“Shangazi,” akasema, “balozi alikula nini?”

“Ndizi moja. Ilikuwa harusi, tumbo lilimsumbua.”

“Na anajua umemtaja?”

Nikainama kufunga kanga yangu upya.

“Mabenki je?”

“Niliwapelekea sambusa.”

“Na hoteli?”

Hapo nikaona haya. “Nilikuwa napika chakula cha wafanyakazi. Nyuma, karibu na dobi. Miaka sita.”

“Watu wangapi?”

“Mia mbili. Zamu tatu.”

“Mbona hilo ndilo hukulisema?” Akafuta mabalozi, mawaziri na mabenki. Wallahi niliumia, kama mtu ananivua bangili. Akaandika: “Mwanamkasi hupika vyakula vya pwani. Kwa miaka sita alipikia wafanyakazi mia mbili wa Hoteli ya Bahari Kuu kila siku, na chakula kilikuwa tayari kabla ya kila zamu.”

“Jina kubwa limebaki moja tu!” nikafoka.

“Na limekaa nyuma ya kazi. Msomaji anajua ulifanya nini pale.”

Tukatuma tena, mimi nimenuna. Siku ya tatu Hope akapiga.

“Mama, niliwapigia Bahari Kuu kuuliza habari zako.”

“Wakasemaje?”

“Ofisini hawakukufahamu. Meneja ni mgeni, mpishi mkuu ni mgeni. Nikataka kukata simu, ikachukuliwa na mlinzi aliyekuwa pale mapokezi. Akaniambia, ‘Mama wa pilau ya Ijumaa? Yuko wapi? Mwambie tangu aondoke tunakula maharage tu.’ Njoo uanze Jumatatu.”

Nikalia, na mimi si mtu wa kulia. Mabalozi wote wale niliowataja, na aliyenipa kazi ni mlinzi ambaye hata jina lake silijui.